Jina la Zabibu Juu ya Keki

Kidawa alikuwa peke yake dukani aliposikia mtu akimwamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, dada."

Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Tangu bibi yake afariki hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ile mjini Ibra. Ndugu zake walihamia Maskati, na walipopiga simu walizungumza Kiarabu. Yeye alibaki na nyumba ya bibi na duka dogo la picha, akisafisha nyuso za maharusi kwenye kompyuta na kupiga picha za pasipoti.

"Marahaba. Karibu, mwanangu, karibu kitako," alisema, na maneno yakamtoka kwa sauti ya bibi.

Mgeni alikuwa binti wa Tanga, jina lake Zabibu, mtumishi wa nyumbani huko Al Qabil. Bibi mwenye nyumba, Buthaina, alikuwa kwa mshona nguo duka la tatu, naye kamwambia asubiri. Dereva mmoja ndiye aliyemwambia kuwa mwenye duka la picha anajua Kiswahili. Zabibu alitoa simu, akaonyesha picha ya keki nyeupe juu ya meza ya jikoni. Juu yake paliandikwa kwa krimu ya chokoleti: *Mabruk Firas*, yaani hongera Firas.

"Firas ni mtoto wa bibi. Keki nimeipika mimi, na maandishi nimeandika mimi. Nataka uondoe Firas, uweke Zabibu."

"Kwa nini?"

Zabibu alitazama sakafu. "Mama hapati usingizi, dada. Kila siku anasikia habari za mabinti wanaoteswa Uarabuni. Kila akipiga simu ni kilio: rudi, mwanangu, rudi. Mimi siteswi. Ninakula, ninalala, mshahara wangu ninapewa. Ila hakuna anayeniuliza kitu. Nilimwambia mama kuwa hapa ninapendwa kama mtoto wa nyumbani, akasema anataka kuona. Siku yangu ya kuzaliwa ndiyo hiyo inakuja."

Kidawa alijua kuwa ule ni uongo, na uongo wa picha hauondoki upesi. Lakini binti alikuwa kakaa kitako mbele yake, anazungumza Kiswahili. Akaichukua picha.

Kulifuta jina la Firas hakukuwa na taabu. Aliazima vipande vya krimu safi kutoka pembeni mwa keki ileile, akavilaza juu ya herufi, akiangalia mistari iliyoachwa na kisu cha kupakia isikatike wala kupinda. *Mabruk* akaiacha ilivyo. Kisha akachagua mwandiko wa kompyuta wenye mikunjo, akaandika *Zabibu*, akaupaka rangi ya kahawia.

Wote wawili walitazama. Jina lilielea juu ya keki kama stika juu ya kioo.

"Si keki hii," alisema Zabibu kwa sauti ndogo.

"Si keki. Tazama hizi *b* mbili. Zimefanana kama mapacha, na mkono wa mtu hauandiki hivyo. Halafu hazina unene. Krimu ina mgongo. Tazama *Mabruk* yako: upande wa dirisha inang'aa, upande wa pili ina kivuli. Pale ulipoanza kubana mfuko wa krimu pana kidonge, na pale ulipoinua mkono pana kijimkia." Alifikiri kidogo. "Una krimu nyingine?"

"Nitapika nyingine. Alhamisi wanakuja wageni."

"Basi paka krimu nyeupe kwenye sahani, uilainishe kwa kisu kama ulivyoilainisha keki. Juu yake andika jina lako kwa mfuko uleule na ncha ileile. Liandike mara mbili tatu. Lakini herufi zibane kidogo, maana Zabibu ni refu kuliko Firas. Kisha weka sahani pale pale ilipokuwa keki, saa ileile, dirisha lileile, taa ya simu usiiwashe. Simu iinamishe kama ulivyoiinamisha siku ile. Nitumie kwa WhatsApp."

Alhamisi alasiri picha tatu ziliingia. Kidawa alichagua ya pili, ambayo *z* yake ilitetemeka kidogo. Alilikata jina pamoja na ukingo mwembamba wa krimu nyeupe, ili kivuli chake na ile hudhurungi iliyovujia pembeni vije pamoja nalo, kisha akaulainisha ukingo mpaka ukapotea. Aliliinamisha jina lifuate mlalo wa *Mabruk*. Picha ya sahani ilikuwa na unjano zaidi, akaupunguza. Herufi ya mwisho iliangukia mahali ambapo keki yenyewe ilianza kufifia machoni, basi nayo akaififisha kidogo, na mwisho akanyunyiza chengachenga zilezile za kamera ya simu. Aliisogeza picha mbali, akaifumbia jicho moja. Hakuona mshono. Aliona keki ya mtu anayependwa.

Aliituma. Zabibu akajibu kwa ujumbe wa sauti, akinong'ona: "Maashallah, dada. Ni yangu kabisa." Kisha akaongeza, "Ile ya sahani nimeila mwenyewe. Nimekula jina lote."

Kidawa aliisikiliza sauti ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku zilizofuata, kila mlango wa duka ulipofunguliwa aliinua kichwa.

Zabibu alirudi baada ya wiki kadhaa, wakati Buthaina amekuja kuchukua nguo zake. Hakuketi.

"Mama ameipokea?" Kidawa aliuliza.

"Ameipokea. Ameionyesha mtaa mzima." Zabibu alicheka bila furaha. "Mjomba wangu Abubakar ni mwalimu wa madrasa. Namba ya bibi anayo, tuliiacha nyumbani kwa dharura. Akamtumia ujumbe wa sauti kwa Kiarabu: familia nzima inakushukuru kwa keki uliyomfanyia binti yetu."

"Ya Rabbi! Akasemaje?"

"Nilikuwa jikoni. Aliusikiliza wote, nami nimesimama pale. Akamjibu mjomba: *la shukr ala wajib*, hakuna shukurani kwa jambo la wajibu. Akaiweka simu mezani. Akanitazama. Nikasema moyoni sasa atanigombeza, au ataniuliza siku yangu ni lini. Akaniuliza kama wali umeiva. Ningependa anigombeze, dada."

Kidawa alimsogezea kiti.

"Lakini hilo si lililonileta," Zabibu aliendelea. "Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Nilikuwa ninangoja mama alie kama kawaida yake, nimwambie haya mama, narudi. Jana amepiga. Sauti yake nzuri, amelala, amekula. Akaniambia: 'Kaa huko, mwanangu. Nyumba inayokupikia keki haiachwi. Ongeza miaka mingine.'"

"Mwambie kweli. Mwambie picha nimeitengeneza mimi."

"Nimemwambia, dada. Nimemwambia keki si yangu. Akacheka. Akasema, 'Unataka kunidanganya ili urudi? Mwandiko wako ningeujua hata gizani.'"

Nje honi ya gari la bibi ililia. Zabibu alishtuka, akajifunika mtandio vizuri.

"Ijumaa njoo kwangu tule," Kidawa alisema haraka. "Nitakupikia. Nitamwomba bibi yako mwenyewe, nitatoka nimwombe sasa hivi."

"Ijumaa ndiyo siku ya wageni wao." Aliushika mkono wa Kidawa, akaubana. "Asante, dada. Picha ni nzuri sana. Ndiyo tabu yake."

Kidawa alimfuata hadi mlangoni. Gari lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, na kioo cheusi hakikuonyesha aliyekaa ndani. Alipunga mkono hata hivyo. Kisha akasimama pale kibarazani, akasema kwa sauti, "Kwaheri, mwanangu," na fundi cherehani wa jirani akageuka kumtazama, asielewe alikuwa anazungumza na nani.