Misimu Mitatu Bila Jina la Sodnom

Jirani yetu Tsend anasema kaka yangu aliugua kwa ulafi wake. Anavyosimulia yeye, vuli ya mwaka juzi walichinja mbuzi kwake, na kabla matumbo hayajaoshwa Sodnom akakata kipande cha ini likiwa bado linafuka mvuke, akakitia mdomoni hata bila chumvi. Tsend akamwonya, Sodnom akacheka, meno yote damu. Wiki mbili hazijaisha, jasho likaanza kumlowesha na mgongo ukakaza. Tsend amelisimulia hilo katika kila hema alilopewa chai, na kila mara kipande cha ini kinaongezeka ukubwa.

Ini lilikuwepo, sikatai. Nilikuwepo mimi pia, nikishika bakuli la damu. Lakini Sodnom alikuwa akitoka jasho tangu mwezi wa sita, tulipokuwa tukikata kondoo manyoya. Mimi ndiye niliyekuwa nikianika godoro lake. Ubaya ni kwamba Tsend alimsimulia pia daktari wa zahanati ya wilaya, naye akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana mazoea ya kula ini bichi.

Ugonjwa wenyewe haubishaniwi. Ni ile homa inayofanya mifugo itupe mimba, na kwa kaka imekaa kwenye pingili za mgongo. Ana miaka thelathini na tano na hawezi kupanda farasi. Kinachobishaniwa ni alikoupata. Ikikubalika kwamba aliupata kazini, atapasuliwa mgongo bure mji mkuu na atatunzwa kama mtu aliyeumia kazini. Isipokubalika, basi alikula vibaya, na kila mtu na tumbo lake.

Jopo la magonjwa ya kazi likatuandikia. Lilitaka wasifu wa kazi wa Sodnom kama msaidizi wa daktari wa mifugo: aina za wanyama aliowahudumia, kampeni za chanjo mwaka kwa mwaka, kazi za kitabibu alizosaidia, namba ya usajili, na kambi za wafugaji alizozitembelea. Kila mwaka uwe na karatasi ya kuuthibitisha.

Sodnom alikuwa amelala kifudifudi, hiyo ndiyo namna pekee isiyomuuma. Akasema niandike mstari mmoja, kwamba alifanya kazi na wanyama, wanyama wanamjua. Nikamwambia wanyama hawako kwenye jopo.

"Basi andika aina," akasema. "Wanaouma, wanaopiga teke, na ngamia."

"Ngamia anafanya nini?"

"Yeye anakutazama kwanza."

Nilicheka, naye akacheka mpaka mgongo ukamkata. Tukaandika. Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge, kwa hiyo nilikwenda polepole, na yeye alikuwa na subira. Kondoo na mbuzi. Ng'ombe na yaki. Farasi. Ngamia. Mbwa, kwa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa. Tukaandika kampeni: ugonjwa wa miguu na midomo, ndui ya kondoo, kimeta, na hiyo homa ya kutupa mimba. Kazi alizosaidia zilijaza ukurasa mzima: kuvuta ndama aliyekaa vibaya, kutoa kondo lililokwama, kuhasi, kushona mbavu zilizoraruliwa na mbwa mwitu, kutoa damu ya vipimo, kuvika hereni za namba masikioni. Kambi nilizijua kuliko yeye. Misimu minane nilipanda nyuma yake kwenye pikipiki na sanduku la baridi mapajani, kazi yangu kuhakikisha barafu haiishi kabla ya kondoo.

Usajili ndio uliotukwamisha. Alihitimu chuo cha mkoa, akasajiliwa, akapewa namba. Lakini namba huhuishwa kwa mafunzo ya wiki mbili makao makuu ya mkoa, na mafunzo huangukia mwezi wa tatu. Mwaka wa kwanza aliokosa, mama alikuwa anakufa. Mwaka wa pili theluji ilifunga njia na mifugo ikafa imesimama. Mwaka wa tatu tulikuwa tumeshazoea.

Ndipo nikalivuta sanduku la karatasi zake. Kila kambi ikichanjwa huandikwa karatasi: jina la mwenye mifugo, idadi, namba ya toleo la chanjo, na chini kabisa mchanjaji anatia sahihi. Miaka mitano sahihi ilikuwa ya Sodnom. Misimu mitatu ya mwisho ilikuwa ya daktari Luvsan, daktari wa mifugo aliyemwajiri, karatasi zote, kwa wino uleule wa bluu.

Nilijua, bila shaka. Ilikuwa hivi: Sodnom anachanja tangu alfajiri, na jioni daktari Luvsan anafika na gari lake, anakaa upande wa wageni, anapewa chai ya chumvi, anatia sahihi zote kwa mpigo. Hakumlazimisha mtu. Sodnom ndiye aliyemwomba, kwa sababu asiyesajiliwa haruhusiwi kuchanja, na daktari mmoja hawezi kufika kambi mia na themanini kabla dawa haijaharibika. Wafugaji wote walijua. Hata Tsend alijua, kondoo wake wamo humo. Ila sikuwahi kuziona karatasi zote pamoja, zimepangana. Kwa mujibu wa karatasi hizo, mwaka ule alioupata ugonjwa kaka yangu hakugusa mnyama yeyote.

Sodnom alilitazama lile rundo. Akasema tuache.

Sikuacha. Asubuhi nikatandika farasi na kwenda kwa daktari Luvsan.

Nilimkuta nyuma ya ofisi yake akichemsha sindano kwenye sufuria. Ni mzee wa watu, amebakiza miaka miwili astaafu, na hakuna daktari mwingine wa mifugo wilayani. Akaniuliza kama mifugo imevuka baridi salama, nami nikamwuliza vivyo hivyo, akanimiminia chai. Halafu nikamsomea wasifu tangu mwanzo. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kambi za msimu wa mwisho akanisahihisha: mbuzi wa bonde la kaskazini walikuwa mia nne na kumi, si mia nne, kwa sababu kumi walirudi baadaye wakachanjwa peke yao.

"Unakumbuka," nikasema.

"Nakumbuka kila kitu, mwanangu. Ndilo tatizo langu."

Nikamwambia basi anakumbuka pia zizi la mfugaji Bayandalai. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, kondoo wamekwisha kuzaa. Chanjo ya homa ya kutupa mimba haichomwi, mnyama hutoneshwa tone moja jichoni, na humo ndani kuna wadudu wa ugonjwa walio hai, wamedhoofishwa tu. Miwani ya kinga Sodnom alikuwa nayo, lakini ilishika ukungu wa pumzi, akaipandisha juu ya kofia. Beberu akatikisa kichwa, kitoneshi kikaruka, dawa ikamwagikia jicho zima la Sodnom. Tulimwosha kwa maji ya birika. Jioni daktari alipofika tukamwambia. Alilitazama jicho, akasema liko salama. Kumpeleka zahanati siku ileile apewe dawa za kuzuia, na kuandika taarifa ya ajali, hakufanya, maana taarifa ingeuliza nani alikuwa ameshika kitoneshi.

Haya yote nilimwambia kwa sauti ya chini. Bayandalai mwenyewe alihamia mkoa mwingine na mifugo iliyombakia. Dada wa mgonjwa si shahidi. Jopo linataka karatasi ya mwajiri.

Daktari Luvsan akazima jiko. Alisema siku ile alipaswa kumpakia Sodnom garini wakiwa bado na mwanga, na kwamba ameliwaza jambo hilo kila siku tangu aliposikia mgongo umeharibika. Akasema amempelekea unga na mafuta ya mkia wa kondoo, kama ninavyojua. Nikasema ninajua, na tunamshukuru.

"Sasa nisikilize," akasema. "Nikiandika kwamba alichanja yeye, nimeandika kwamba misimu mitatu nilitia sahihi ya uongo. Leseni itakwenda. Hiyo tuiache, mimi ni mzee. Lakini karatasi zote zile zitafutwa. Kambi mia na themanini, mifugo yao itahesabiwa haijachanjwa. Nani atanunua nyama yao? Na wiki ijayo chanjo ya miguu na midomo inaletwa. Nani ataipokea?"

Nilikuwa nimeyafikiria hayo njiani, juu ya farasi, kambi kwa kambi.

"Sodnom amesema nini?" akauliza.

"Amesema tuache."

Akaitikia kwa kichwa, na nikaona macho yake yanalowa. Nilidhani ameona nafuu, nikakasirika, kisha nikaona si nafuu.

Nikamwambia kitu ambacho sikumwambia mtu mwingine. Juzi Sodnom alijaribu kupanda farasi. Aliniona nimekwenda mtoni kuchota maji, akadhani sioni. Alimsogeza farasi kwenye jiwe, akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, akabaki hivyo, mguu mmoja juu na mmoja chini, kwa muda ambao ndoo zangu mbili zilijaa na kumwagika. Hakuweza kupanda na hakuweza kushuka. Farasi alikuwa yule mzee, hakusogea hata kwato. Nilikwenda nikamshusha, naye hakunitazama. Alisema mji mkuu wamesema pingili moja imeliwa, na wakichelewa italiwa ya pili, na hapo miguu itakufa.

Daktari alisimama akaanza kuzitoa sindano majini kwa koleo, moja moja, akizipanga juu ya kitambaa. Nilitoa karatasi nyeupe niliyokuja nayo, nikaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Sikuombi misimu mitatu," nikasema. "Siombi useme nani alichanja kambi mia na themanini. Naomba siku moja. Andika kwamba tarehe ile, zizini kwa Bayandalai, Sodnom alikuwa kazini kwako na dawa ilimwingia jichoni. Mstari mmoja, na muhuri."

Alijua kama nilivyojua kwamba jopo lingeuliza swali la pili baada ya huo mstari, na la tatu.

Nje gari likapiga honi, mtu amemleta ndama mgonjwa. Daktari hakutoka. Alikuwa amemaliza sindano, na sasa alikuwa akifuta meza kwa kitambaa kingine mahali palipokuwa pakavu.

"Mzee Luvsan," nikasema, "wanataka barua kabla ya Ijumaa. Utaniandikia?"

Honi ikalia tena. Alikuwa anaitazama ile karatasi.