Jedwali la Uthiru

Dalmas Obuya, fundi wetu wa mitandao, alizikwa kwao Siaya siku ya Jumamosi, kabla ya saa sita. Siku hiyo hiyo, katika ofisi yetu ya Westlands ambayo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mazishi, mlango wa pili wa seva aliyoitunza uliacha kujibu. Tulikuja kujua Jumatatu, Bi Wangeci alipopiga simu kutoka duka lake la jumla la dawa huko Ngara. Alisema yeye na watu wa tawi lake la Uthiru hawakuwa wameweza kuingia kwenye mashine hiyo inayotunza oda zao tangu Jumamosi.

"Iliacha saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa tano na nusu. Msichana wangu wa Uthiru alikuwa anaandika oda, ikakatika hapo hapo."

Saa tano na nusu mimi nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, nikiangalia mchanga unavyoshuka.

Seva ile ilikuwa na kadi mbili za mtandao, na sisi tulizoea kuziita milango. Mlango wa kwanza ulikuwa wa laini nene ya ofisi. Tuliutumia kutokea tu, kwa sababu aliyetuuzia laini hiyo alituficha nyuma ya anwani yake, kwa hiyo mtu wa nje hakuweza kutubishia hodi huko. Mlango wa pili ulikuwa wa laini nyembamba ya minara ya simu, wenye anwani yake ya wazi. Wateja kama Bi Wangeci walipitia huo. Dalmas ndiye aliyeipanga milango yote miwili, na kwa zaidi ya siku mia nne mashine haikuwahi kuzimwa. Alijivunia hilo kuliko mshahara wake.

Kufikia Jumatano, ofisi nzima ilikuwa na maoni.

"Buda, mashine imemfuata mwenyewe," Dan, fundi mwenzangu, akaniambia akiwa ameegemea kabati. "Mimi siigusi tena. Jana niligeuza njia ya kawaida ya kutokea ipitie mlango wa pili, Uthiru wakaingia, lakini ofisi yote ikatambaa kama konokono na bosi akanitukana hadi ukoo. Nikairudisha."

"Si mashine iliyomfuata," alisema Gerishon, mwenye kampuni, akitoka ofisini kwake. "Ni yeye aliyeitega. Aliandika barua ya kuacha kazi, tukagombana hapa mbele yenu, wiki iliyofuata akaugua. Katikati alipata muda wa kutosha. Wateja wanataka sababu, na sababu nitawapa. Jacklyne, ile barua iko tayari?"

Jacklyne alikuwa karani wetu, na alikuwa dada yake Dalmas. Alikuwa amerudi kazini jana yake, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi kimefungwa juu.

"Bado, mzee. Nimefika 'marehemu aliyekuwa mfanyakazi wetu'."

"Malizia. Naitia sahihi saa tisa. Wangeci na wengine wote waipate leo."

Gerishon akafunga mlango. Jacklyne hakuniangalia aliponisemesha. "Nthiwa, wewe ndiye uliyekaa naye. Kaka yangu alifanya hivyo?"

"Sijui," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

"Basi jua kabla ya saa tisa. Barua kama hii mama atasomewa na mtu, hata akiwa Siaya."

Ilikuwa saa nne na robo.

Kile chumba cha mashine ni kidogo kama choo na kina baridi. Koti la Dalmas lilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango, lile la bluu, na kila feni ilipopuliza mkono mmoja ulitikisika. Nilitaka kuliondoa, nikaona si haki yangu. Nikakaa nikilipa mgongo, kisha nikageuza kiti.

Mimi sikusomea kazi hii chuoni. Nilijifunza kwa vitabu vya mtumba na karatasi nilizochapa, kwa hiyo huwa naanza mwanzo hata pale wengine wanaporuka. Kwanza nikaiuliza mashine imewaka muda gani. Ilisema siku tatu na zaidi ya saa ishirini na mbili. Nikahesabu kurudi nyuma, nikafika Jumamosi, saa sita kasoro. Basi umeme ulikuwa umepotea, betri ya akiba ikaisha, na uliporudi mashine ikawaka yenyewe.

Halafu nikampigia fundi wa kampuni ya minara. Alinijibu kwa uchovu. "Boss, nimeshapima. Kifaa chetu kilicho upande wenu kikiita seva, inajibu. Shida ni yenu."

Hilo lilinitia ubaridi zaidi ya feni. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa anajibiwa, ila anayetoka mbali hakuwa anajibiwa.

Nikamwomba Bi Wangeci ajaribu kuingia huku nikichungulia pakiti za data zinazopita. Kwenye mlango wa pili nikaona hodi yake ikifika, moja, mbili, tatu. Hakukuwa na kitu kinachorudi hapo. Nikafungua dirisha la mlango wa kwanza. Majibu yalikuwa huko. Mashine ilikuwa inamsikia vizuri, inamjibu kila mara, ikisema kwa anwani ya mlango wa pili, lakini ikitolea sauti kwenye mlango wa kwanza. Na mwenye laini ya kwanza alikuwa anayatupa majibu hayo, kwa kuwa yalibeba anwani asiyoijua.

"Hodi!" Bi Wangeci alisema kwenye simu. "Nthiwa, kuna mtu hapo?"

"Yupo, mama. Anajibu. Wewe ndiye humsikii."

"Wee! Usiniambie maneno kama hayo juma la mazishi."

Sasa nilijua mashine inavyofanya, ila bado sikujua kwa nini. Mashine ya Linux ikitaka kujibu mtu wa mbali hutazama jedwali lake kuu la njia, na jedwali hilo lilikuwa na njia moja tu ya kawaida, ile ya laini nene. Haijali hodi ilipigwa wapi. Jirani wa minara alijibiwa kwa sababu njia ya kumfikia imo ndani ya jedwali kuu, ya moja kwa moja. Ili wa mbali nao wajibiwe walikopigia, lazima kuwe na jedwali la pili lenye njia yake ya kawaida, na sheria inayosema: kila kinachotoka na anwani hii, soma jedwali lile.

Nikaandika `ip rule`. Zilitoka sheria tatu, zile ambazo kila mashine huzaliwa nazo. Ya Dalmas haikuwepo.

Kama mtu angeifuta makusudi, ningeona hivyo hivyo. Nilikaa nikitazama mistari mitatu ile. Saa ilikuwa saba na nusu, na kupitia ukuta nilisikia Jacklyne akichapa, akisimama, akichapa tena.

Kuna faili moja ndogo ambapo majedwali hupewa majina. Hakuna anayeifungua, kwa sababu ukishaandika jina huna haja ya kurudi. Niliifungua. Chini kabisa palikuwa na namba mia mbili na jina: `uthiru`. Nikaiambia mashine inionyeshe jedwali la uthiru. Haikuonyesha kitu. Jina lilikuwepo kwa kuwa lilikaa kwenye diski, lakini ndani hamkuwa na njia hata moja. Ilikuwa kama kuita mtu kwa jina lake ndani ya nyumba ambayo imehamwa.

Nikashuka mstari mmoja. Chini ya jina, Dalmas alikuwa ameacha maneno yanayoanza na alama ile inayoiambia mashine isiyasome:

`# Nthiwa, njia na sheria nimeziweka kwa mkono, ziko kwenye kumbukumbu tu. Ziandike kwenye faili la kuwashia kabla mashine haijazimwa. D.`

Tarehe ya faili ilikuwa ya mwaka uliopita, mwezi wa tatu.

Nilimsikia. Sisemi kwamba kulikuwa na sauti chumbani. Nilimsikia jinsi alivyosema siku ile, kikombe cha chai mkononi, amesimama pale pale koti lilipo: "Nthiwa, kuna kakazi kako nimekuachia kwa ile faili ya majedwali. Uandike vizuri, wewe mkono wako ni msafi."

Na nilimsikia aliyemjibu. "Sawa. Ijumaa."

Ijumaa ilifika, kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, nikaiacha. Ijumaa nyingine pia. Kazi ambayo haisumbui mtu haina siku yake. Alidhani nimeandika. Hakuuliza tena, kwa sababu aliniamini.

Nikaandika. Kwanza njia, kisha sheria:

`ip route add default via 203.0.113.9 dev eth1 table uthiru`
`ip rule add from 203.0.113.10 table uthiru`

Nikatazama sheria. Mpya ilikuwa imekaa juu ya zile mbili za mwisho, kwa hiyo ingesomwa kabla ya jedwali kuu. Nikamwambia Bi Wangeci ajaribu.

"Kimya," akasema.

Majibu yalikuwa bado yanatokea mlango wa kwanza. Mkono wa koti ukatikisika. Kwa dakika nzima niliamini kwamba Dalmas hataki, kwamba ananifanya nisikie uzito wake. Kisha nikakumbuka kwamba mashine hukumbuka njia ilizotumia hivi karibuni, na huendelea nazo mpaka uisahaulishe. Nikaandika `ip route flush cache`.

Mlango wa pili ukajaa. Hodi ikaingia, jibu likatoka, hapo hapo.

"Naona oda zangu!" Bi Wangeci akapiga kelele. "Uthiru nao wanasema wanaona!"

Nilizihamisha amri zile mbili kwenye faili la kuwashia, chini ya mlango wa pili, kila moja ikianza na neno `up`. Halafu nikafanya kile ambacho Dalmas hakuwahi kukifanya kwa zaidi ya siku mia nne. Nikaizima mashine na kuiwasha. Feni zikanyamaza, na kwa muda huo koti halikutikisika. Ilipoamka, jedwali la uthiru lilikuwa na njia ndani yake bila mimi kugusa kitu, na Uthiru walikuwa wanajibiwa.

Saa nane na dakika hamsini nikaingia kwa Gerishon. Jacklyne alikuwa ndani, barua iko mezani, kalamu juu yake.

"Imepona," nikasema.

"Safi. Alikuwa amefanya nini?"

Ningeweza kusema umeme tu. Gerishon angekubali. Angefuta mistari miwili ya barua, na mimi ningebaki na lile faili, nikijua liko wapi.

"Hakufanya kitu. Alipanga vizuri, akaniagiza mimi niandike ili isipotee mashine ikizimwa. Sikuandika. Ameacha agizo lenye jina langu na tarehe. Njoo uone."

Gerishon aliisogeza kalamu kando. "Mwaka mzima?"

"Na zaidi."

"Nthiwa, ulikuwa unangoja nini?"

Aliichukua barua, akaisoma tena kimyakimya, akairarua mara mbili, akavirudisha vipande kwa Jacklyne. "Andika nyingine. Wateja wamekaa gizani siku nne, lazima waambiwe ukweli. Wewe na mimi tutaongea vizuri kesho asubuhi."

Tulitoka pamoja. Jacklyne aliketi kwenye meza yake, akafungua ukurasa mweupe, akakaza kitambaa chake kichwani. Nilisimama kando yake.

Alifika pale ambapo kwenye barua ya kwanza palikuwa na jina la kaka yake, akasimama, vidole juu ya herufi.

"Nipe jina lako kamili," akasema.

Nikampa. Aliliandika polepole, bila kuniangalia.