Safu ya Maneno, Safu ya Namba

Ofisini walimwita Vidole, na jina hilo alilipata kihalali. Aliweza kupiga kompyuta macho yakiwa kwenye karatasi, shingo imeinama kidogo upande wa kushoto, huku anamsimulia jirani yake habari za harusi. Hakuitazama skrini hata kwa bahati mbaya. Maneno yaliingia jichoni yakatokea vidoleni bila kupita kichwani, na yeye mwenyewe alilisema hilo kwa majivuno, kama wengine wanavyojisifu kwa kupika bila kuonja.

Kazi ya msimu ule ilikuwa dodoso la akina mama waliojifungua katika hospitali ya wilaya. Maswali mengi yalikuwa ya kutia alama tu, lakini la mwisho liliacha nafasi tupu: Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ulivyohudumiwa. Hapo kila mama aliandika anavyojua, mwingine kwa kalamu inayokwamakwama, mwingine mpaka pambizoni na kugeuza karatasi. Vidole aliyanakili maneno hayo kama yalivyo, na makosa yake, katika safu moja ya kompyuta. Pembeni ya safu hiyo kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya namba. Hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Miwani.

Miwani alikaa meza ya pili, mwanaume mkimya anayefuta vioo vyake kwa ncha ya shati. Yeye hakuziona karatasi. Zikishaingizwa zilifungwa kamba, zikapelekwa stoo, na ufunguo akakaa nao Msimamizi. Miwani alisoma kilichoandikwa kwenye safu ya maneno, akatazama orodha yake ya misimbo, akaweka namba pembeni: moja kwa aliyehudumiwa vizuri, mbili kwa aliyesubirishwa sana, tatu kwa aliyekosa dawa au vifaa, nne kwa aliyetolewa lugha kali. Yasiyoingia popote yalipewa namba ya mengineyo. Mwisho wa yote ripoti ingehesabu namba. Maneno hakuna bosi mwenye muda wa kuyasoma.

Mambo yalianza kuharibika nyumbani, si ofisini. Dada yake Vidole alikuwa mkunga mkuu katika wodi hiyohiyo ya uzazi. Tangu mama yao afariki ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfokea kila siku ya Mungu. Jioni moja alikuja na uso umemshuka, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Alisema kuna fununu: dodoso linaonyesha wodi yake ina wahudumu wenye midomo michafu, na bodi ikishapata ripoti watamwondoa, wampeleke kwenye dawati la kupokea wagonjwa, akaandike majina mpaka astaafu.

"Mdogo wangu, mimi nafoka, sikatai," alisema. "Lakini hakuna mama niliyemwacha peke yake. Hata mmoja hajaliandika hilo?"

Vidole alikuwa ameyapiga majibu yote kwa mikono yake na hakukumbuka hata moja. Tena alikuwa na dhambi nyingine: siku ya kuanza kazi Msimamizi aliuliza nani ana ndugu pale hospitalini, na yeye akajitia hamnazo. Kibarua chenyewe kilikuwa cha kugombania.

Kesho yake alifika mapema, akalifungua faili, na kwa mara ya kwanza akasoma alichokuwa akikiandika. Safu ya namba ilikuwa imejaa nne. Nne, nne, moja, nne, tatu, nne. Alipohamisha macho kwenye safu ya maneno moyo ulimlipuka. "Mkunga mwenye mwanya alinifokea mbele ya watu nikaona aibu." Mwenye mwanya ni dada yake, nani mwingine? "Nilipiga kelele akaniambia ninyamaze mimi si wa kwanza kuzaa." Hiyo ni sauti yake kabisa. Halafu akaona kingine. Sentensi nyingi hazikuisha. "Alikuwa mkali kama askari nikamchukia sana lakini usiku ule da." Da nini? "Yule mkunga mkubwa jamani ana maneno makali sana ila kama si ye." Kama si yeye, nini?

Akakumbuka karatasi zilizojaa wino mpaka pembeni. Hakukumbuka maneno, ila mikono yake ilikumbuka urefu wake. Majibu haya yalikuwa yamekatwa, na anayelishika faili baada yake ni mtu mmoja tu.

Tangu hapo hakumwamini Miwani. Kila alichofanya kilikuwa na harufu. Akifuta vioo, anapata wapi jasho lote hilo? Akiigeuza skrini kidogo, anaficha nini? Siku moja alimkuta ameacha kazi anamtazama, na alipoulizwa kulikoni akasema hakuna kitu, akarudi kwenye namba zake. Vidole akaunganisha moja na moja. Mke wa Miwani alijifungua mwaka juzi, bila shaka palepale, bila shaka alifokewa, na sasa mume analipiza kisasi kimyakimya, neno baada ya neno. Kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa kweli. Chai akaacha kunywa naye. Akawa akitoka hata kwenda msalani anaifunga kompyuta yake kwa nywila, kana kwamba Miwani hana faili hilohilo kwenye ya kwake.

Aliposikia ripoti inakaribia kwenda kwa bodi, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaingia kwa Msimamizi, mama mmoja mpole lakini asiyependa kupotezewa muda, akamwaga yote: majibu yanakatwa, sifa zinatolewa, matusi yanabakizwa, na mkataji yuko meza ya pili. La dada yake hakuligusa.

Msimamizi alichukua ufunguo, akawaita wote wawili stoo, akakata kamba ya bunda la kwanza. Akaanza kusoma karatasi kwa sauti, huku Miwani ameshika nakala ya faili iliyochapishwa.

"'Alikuwa mkali kama askari nikamchukia sana,'" alisoma, "'lakini usiku ule damu ilipokataa kukata hakuniacha, alinishika mpaka kukakucha. Mwanangu nimempa jina lake.'"

Vidole aliegemea rafu. Machozi yalimjia na hakuyazuia. Msimamizi akasoma nyingine. "'Yule mkunga mkubwa jamani ana maneno makali sana ila kama si yeye ningekuwa kaburini.'" Na nyingine, na nyingine. Nne zilizokuwa kwenye nakala zilianza kuonekana uwongo mtupu.

"Si umesikia?" Vidole alisema, akimnyooshea Miwani kidole. "Mwulize alikuwa anayapeleka wapi maneno ya watu."

Miwani alikuwa amevua vioo. Bila vioo alionekana kama mtu aliyeamshwa. Hakukasirika, na hilo likamkera Vidole zaidi. Aliinua nakala ile, akapitisha ukucha pembezoni mwa safu ya maneno kutoka juu mpaka chini.

"Mama, tazama," alimwambia Msimamizi. "Yote yaliyokatika yamekatikia mahali pamoja. Hata huyu anayesifia shuka safi, hata huyu wa maji ya kuoga. Mwenye chuki na mkunga angekata sifa zake tu."

Msimamizi aliutazama ukingo ule ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Uso ukambadilika. Alirudi ofisini mbiombio, wao nyuma yake, akamkalisha Vidole kwenye kiti chake na kumpa karatasi ya yule mama wa damu. Apige kama kawaida yake. Vidole akainamisha shingo, macho kwenye karatasi, vidole vikakimbia. Msimamizi akainama chini ya meza, akachomeka waya wa spika.

Ti.

Vidole hakusimama. Ti, ti, ti, ti, kompyuta ililia kwa kila herufi, na yeye akaendelea mpaka "jina lake", ndipo akainua macho. Kwenye skrini sentensi ilikuwa imeishia "da". Kisanduku kilikuwa kimejaa zamani, na kila alichokipiga baada ya hapo kilikuwa kimeanguka hewani.

Hakuna aliyehitaji kumweleza. Urefu wa kisanduku ulipangwa wakati wa majaribio, kwa akina mama wachache walioandika maneno mafupi, na hilo lilikuwa kosa la Msimamizi, ambaye alilikiri palepale. Lakini mlio uliwekwa makusudi, umwambie karani kwamba nafasi imekwisha. Na wiki ya kwanza ya kazi alikuwepo mtu aliyelalamika kwamba kelele ile inampasua kichwa, akambembeleza fundi wa kompyuta mpaka akachomoa spika. Mtu huyo alikuwa na vidole vyepesi na hakupenda kutazama skrini.

"Mimi," alisema Vidole. Sauti yake haikufika mbali.

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanguka na hapakuwa na chini zaidi, akasema na la dada yake. Msimamizi alishusha pumzi ndefu. Alisema ripoti itasimama, kisanduku kitaongezwa urefu, majibu yote yatapigwa upya, na namba ataziweka mtu wa nje asiyejua chochote. Lakini Vidole hatayagusa tena. Atahamia kwenye dodoso la mashule, leo hii.

"Sasa atayapiga nani?" Vidole aliuliza, ingawa ofisi ilikuwa na makarani wawili tu na jibu alilijua.

Alimkuta Miwani kwenye ukumbi, akichota maji. Hakujua aanzie wapi, akaanza na pole, ikatoka vibaya, akaanza tena na samahani. Miwani alikunywa maji yake kwanza.

"Nilijua siku nyingi kwamba ni dada yako," alisema. "Alimzalisha mke wangu. Mna mwanya mmoja."

"Na alimfokea?"

"Alitufokea sote wawili. Mimi alinitoa mlangoni kwa kunisukuma." Akatabasamu kidogo. "Nilipoona sentensi zinakatika nikafikiri ni wewe unayekata, unaficha mabaya zaidi yaliyofuata. Nikasema moyoni, ni dada yake, acha nisimuaibishe. Nikaweka namba kwa kile kilichobaki."

Vidole alimtazama. Mwezi mzima alikuwa anamchimbia kaburi mtu aliyekuwa anamfichia siri, na siri yenyewe haikuwepo. Angeuliza mmoja wao tu, siku moja tu, juu ya chai, dada yake asingekaa jikoni na uso umemshuka. Alijichukia kwa hilo, akamwambia hivyo.

Alasiri ile alihamishiwa chumba cha pembeni pamoja na madodoso ya mashule. Ukuta ulikuwa mwembamba. Miwani alipiga kompyuta kwa vidole viwili, ta, kimya, ta, kimya, kwa mwendo ambao siku nyingine ungemfanya Vidole atafune kalamu. Spika ilikuwa imechomekwa. Vidole aliacha kazi yake akasikiliza, akiyahesabu maneno ya mama asiyemjua kwa urefu wake, mpaka alipojua hapa sasa ndipo kisanduku kilipokuwa kinajaa. Akabana pumzi.

Mlio haukuja. Miwani aliendelea, ta, kimya, ta, mpaka mwisho wa mstari.