Kioo cha Tano Hakikupata Tone

Kwa miaka ishirini na mbili yule mzee alikuwa amebeba vipande vya watu wengine. Alivitoa chumba cha upasuaji na chumba cha kamera ya tumbo, akavuka ua, akapanda ngazi kumi na nne hadi maabara ya patholojia, akaweka kisanduku cha bluu juu ya kaunta na kufungua daftari lake la kupokelea. Hospitali nzima ilimwita Posta. Hakuna aliyepokea chupa bila kutia sahihi, hata daktari bingwa, na aliyejaribu kukwepa alisimamiwa hapo hapo mpaka mkono wake ukachoka kukataa.

Ijumaa ile alileta chupa nne. Fundi wa maabara, binti ambaye Posta alimwita Dada Rangi kwa sababu vidole vyake havikukosa doa la zambarau, alitia sahihi tatu na kusita kwenye ya nne.

"Mzee, hili jina ni lako."

"Jina langu ndiyo. Hata tumbo ni langu." Posta aligeuza daftari ili aone vizuri mstari wa sahihi. "Wamenichungulia jana, wakanikata vipande sita kama mishikaki. Nikawaambia mzigo huu nitaupeleka mwenyewe, nisije nikapotezwa njiani. Weka sahihi, mwanangu."

Aliweka. Mkono wake haukutulia.

Siku tatu baadaye vile vipande sita, vidogo kama punje za mchele, vilikuwa vimegandishwa ndani ya nta, vikakatwa vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu na kupakwa rangi mbili za kila siku, ya bluu na ya waridi. Daktari wa patholojia, mama wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita binti akae upande wa pili wa hadubini, ile yenye viti viwili, waone pamoja.

"Unaona nini, mdogo wangu?"

"Seli kubwa, zimejazana. Viini vyake vimevimba. Zimewasukuma wenyeji, tezi za tumbo zimebaki chache pembeni."

"Sasa niambie kabila lao."

Hapo ndipo penye kazi. Seli zilizoharibika kiasi kile hupoteza sura ya nyumbani kwao. Zaweza kuwa kasinoma, yaani saratani iliyozaliwa na utando wa tumbo lenyewe. Zaweza pia kuwa limfoma, saratani ya seli nyeupe za kinga, zilizokuja tumboni na kuweka kambi. Kwa rangi mbili za kila siku, wawili hao wamevaa sare moja.

"Daktari wa upasuaji ameshamwandika Alhamisi, saa mbili asubuhi," daktari alisema. "Ikiwa ni kasinoma, mfuko wote wa tumbo utatolewa. Ikiwa ni limfoma, kisu hakina kazi hapo. Atatibiwa kwa dawa za dripu, na tumbo lake atabaki nalo. Nitayarishie keratini na CD45. Keratini ni ya ukoo wa utando, CD45 ni ya ukoo wa seli nyeupe. Atakayeshika rangi ya kahawia ndiye atakayetuambia ametoka wapi."

Jumanne mchana binti alipanga vioo vinane, kila kimoja na kipande chake chembamba, kwenye trei yenye unyevu. Alikuwa ameviondoa nta, akavichemsha ndani ya sufuria ya presha ili protini zilizojikunja kwa dawa ya kuhifadhia zifunguke, kisha akavituliza na kuviosha. Kioo cha kwanza hadi cha nne vilikuwa vya keratini, cha tano hadi cha nane vya CD45. Cha kwanza na cha tano vilikuwa vya Posta. Cha nane kilikuwa cha tonsili, lile findo la kooni lililojaa seli nyeupe za mtu mzima wa afya, lililowekwa pale kama shahidi: lisipogeuka kahawia, basi dawa imekufa.

Kingamwili alizitonesha moja moja. Kila kingamwili hutafuta protini yake na kuing'ang'ania. Baadaye huja dawa ya pili kuishika ile ya kwanza, ikibeba kimeng'enya kinachozalisha rangi ya kahawia mahali hapo tu. Pasipokuwa na kitu cha kung'ang'ania, hubaki bluu tupu ya mwisho.

Jumatano, saa tatu asubuhi, walikaa tena kwenye hadubini yenye viti viwili.

Kwenye keratini tezi za tumbo ziling'aa kahawia kama zilivyopaswa. Zile seli kubwa zilibaki bluu, ila hapa na pale, katikati yake, palikuwa na madoa machache ya kahawia. Kwenye CD45 hapakuwa na kitu. Bluu mwanzo, bluu mwisho.

"Tonsili?"

"Imeshika vizuri, daktari. Nimeitazama kabla hujaingia."

Daktari alishusha pumzi, akaivua miwani ya machoni na kuisahau mkononi. "Basi si limfoma. Kasinoma mbovu mbovu huweza kuipoteza keratini, ikabaki ya madoa kama hivi. Loo, mzee wetu." Akavuta karatasi ya majibu. "Nitampigia daktari wa upasuaji asiahirishe."

Binti hakuinuka. Alikuwa akifikiria mzee anayepanda ngazi kumi na nne, na chakula ambacho angekula kwa vijiko baada ya kesho, na macho yake yalibaki kwenye kioo bila ya kutafuta chochote. Hapo pembeni, kati ya tezi mbili za tumbo zilizosalimika, alikiona kikundi cha seli ndogo ndogo, duara, nyeusi kiini, zilizokaa kama watu wanaosubiri zamu. Hazikuwa saratani. Zilikuwa walinzi wa kawaida wa tumbo la kila mtu. Alizitazama, akazitazama tena.

"Daktari. Naomba uangalie pembeni kidogo. Hawa wadogo."

"Hao ni limfosaiti, seli nyeupe za kawaida."

"Ndiyo. Mbona nao ni bluu?"

Kalamu ilisimama. Daktari alirudisha jicho kwenye hadubini. Limfosaiti isiyoshika CD45 ni kama samaki asiyejua maji. Ikiwa walinzi wenyewe hawakupata rangi, basi ukimya wa zile seli kubwa haukuwa na maana yoyote.

"Hiki kioo hakikuonja dawa," daktari alisema taratibu.

Hapo kumbukumbu ikamrudia binti yote, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Alikuwa amemaliza kioo cha nne. Amebadilisha kichupa, amekishika juu ya kioo cha tano, na simu ya ukutani ikalia. Wodi ilikuwa inadai majibu yaliyopotea. Aliporudi alikiona kioo cha tano kimelowa, kinameremeta, akaamini ameshakitonesha, akaenda cha sita. Lakini kilikuwa kimelowa maji ya kuoshea tu. Maji na kingamwili, kwa macho, hakuna anayeweza kuvitofautisha.

Angeweza kusema kichupa kilikuwa karibu kuisha. Angeweza kusema hajui.

"Ni mimi, mama. Simu ililia. Niliruka cha tano."

Alisubiri kukaripiwa. Daktari alivaa miwani, akagundua ni ile ya utosini, akaibadilisha.

"Kwa miaka mingapi nimekaa kwenye kiti hiki? Nilitegemea tonsili ya kioo kingine nikaacha kuwatazama mashahidi waliokuwa ndani ya kioo chenyewe. Tutaliandika kosa hili kwenye kitabu cha makosa, langu juu, lako chini. Lakini kwanza, una vipande vya akiba?"

"Vinne."

"Fanya CD45, na CD20 ya seli nyeupe za aina ya B, na CD3 ya zile za aina ya T. Kimoja kibaki. Safari hii kibandike kipande cha tonsili kwenye kioo kile kile cha mzee. Shahidi alale nyumba moja na mshtakiwa."

Kisha akainua simu. Binti alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Hapana, sijasema ndiyo wala hapana. Nasema nipe mpaka saa tisa... Najua chumba kimepangwa... Basi panga upya. Tumbo likishatoka, halirudishwi."

Binti alifanya kazi bila kula. Simu ya ukutani aliitoa kwenye kishikizo na kuilaza kifudifudi. Kila kioo alichokitonesha alikisogeza nusu kidole kwenda kulia, ili kilichokula kisifanane na kilicho na njaa.

Saa sita Posta aliingia na kisanduku chake. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Wameniambia leo jioni nilale wodini, nisile kitu. Nikawauliza, nifunge tumbo ambalo kesho mnalichukua? Si mngeliacha lile mlo wake wa mwisho?" Hakucheka, wala binti hakucheka. "Mke wangu amepika tangu alfajiri. Anapika kama anayeaga. Dada Rangi, una habari yoyote?"

"Majibu hutoka kwa daktari, mzee. Unajua sheria kuliko mimi."

"Najua. Nilitaka tu kukuangalia uso."

Binti aliinama juu ya trei ili asiangaliwe. "Usiende mbali," alisema. "Kaa kwenye benchi la nje. Tafadhali."

Saa nane na nusu akaweka vioo chini ya hadubini kabla rangi haijakauka vizuri. Tonsili, kwenye pembe yake, kahawia. Wale walinzi wadogo kati ya tezi, kahawia. Na zile seli kubwa, shamba zima, kila moja ilikuwa imezungushiwa pete ya kahawia kwenye ukingo wake, safi, kama zimechorwa kwa kalamu. CD20 vivyo hivyo. CD3 iliwashika wadogo wachache waliopita njia na kuziacha kubwa.

"Limfoma ya seli B," daktari alisema. Akakirudisha kile kioo cha keratini, akatazama yale madoa yaliyomdanganya, akatikisa kichwa. "Tezi. Tezi zilizomezwa na kubomolewa, vipande vya ukuta ndani ya kifusi. Nami nikasema ni wao."

Binti akajikuta analia. Daktari alimpa karatasi ya kufutia lenzi, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Alimpigia daktari wa upasuaji na daktari wa saratani, na alipopata ruhusa alimwita mzee mwenyewe ndani, akamkalisha kwenye kiti cha pili cha hadubini, ambacho kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kukikalia. Alimweleza bila kupamba. Ni saratani, si mchezo. Dawa zitamchosha, nywele zitaondoka, na bado kuna vipimo vya kujua imefika wapi. Lakini aina hii huitikia dawa, na wengi hupona kabisa. Hakuna kisu kesho.

Posta aliweka viganja magotini.

"Kwa hiyo leo naweza kula?"

"Kula, mzee."

"Chote alichopika?"

"Ukiweza."

Ndipo akacheka, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kushika meza. Daktari alitia barua ya kliniki ya saratani ndani ya bahasha. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye kisanduku cha bluu, na kwa mazoea akafungua daftari. Alijaza tarehe. Alijaza jina la mzigo, *barua moja*. Kwenye nafasi ya mpokeaji akaandika jina lake mwenyewe, kisha akamgeuzia binti ukurasa.

"Aliyetoa naye hutia sahihi," alisema.

Daktari alimkabidhi binti kalamu. Aliandika pole pole, doa la zambarau kwenye kidole, na mara hii mkono ulitulia.