Jina Lililobaki Kwenye Dimbwi

Watu walimwita Macho Manne kwa sababu ya miwani yake, na kwa kutengeneza picha hakuwa na mpinzani mtaani. Lakini kazi ile, jamani, ilimnyima raha tangu mteja alipoitaja.

"Hili ni kaburi la mtu nisiyemjua," mteja alisema, akimwonyesha picha kwenye simu. "Futa jina, uandike la mdogo wangu."

Mdogo mtu alichukuliwa na mto. Kaka yake alimshika mkono, mkono ukateleza, basi. Mwili haukuonekana. Kaka alishindwa kumweleza mama yao. Akasema kijana aliugua safarini, akafa, akazikwa hukohuko. Mama hakusadiki. Mpaka siku hiyo alikuwa akimtengea sahani, na mlango ukisukumwa tu alinyanyuka.

"Anakwisha hivihivi ninamwona," mteja alisema. "Akiliona kaburi, atapumua."

Macho Manne naye ana mama. Akakubali.

Jiwe lilipigwa picha kutoka ubavuni, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Upande wake wa karibu ulionekana mrefu, wa mbali umefupika. Ukibandika jina hapo hivihivi litaelea, hata mtoto atakucheka. Kwa hiyo akaweka alama kwenye pembe nne za uso wa jiwe, na kompyuta ikaunyoosha uso huo ukawa mstatili, kana kwamba mpiga picha alisimama mbele yake kabisa. Jina la mwanamke aliyezikwa pale likamtazama waziwazi.

"Niwie radhi, mama wee," Macho Manne akasema peke yake, kama mwehu.

Akachukua vipande vya jiwe tupu kutoka pembeni, akazifunika herufi moja moja. Akaandika jina la kijana kwa mchongo uleule, akalitia kivuli upande uleule. Kisha akazirudisha zile pembe nne mahali pake, na herufi zikalala pamoja na jiwe: za karibu kubwa, za mbali zikipungua na kubanana. Akazififisha kidogo zilingane na picha. Sasa alikuwa amemzika mtu, na aliyekuwamo kaburini amemfukuza.

Picha ikachapwa kubwa, ikatiwa fremu. Mteja akamwomba aje kuitundika mwenyewe nyumbani kwa mama yake.

"Shikamoo, mama," Macho Manne akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione kwanza."

Mama akaiweka magotini. Akapitisha kidole juu ya jina la mwanawe, akalia, kilio kirefu cha mtu aliyetua mzigo. "Kumbe ni kweli," alisema. "Na ni wewe uliyemzika?"

"Mimi mwenyewe, mama," kaka mtu akajibu. "Kwa mikono yangu."

Macho Manne akatazama sakafu. Kisha akaona uso wa yule mama unalegea, akajipa moyo kwamba uongo mwingine ni dawa.

Ndipo kidole cha mama kikashuka hadi chini ya jiwe, kwenye dimbwi la maji ya mvua, kikaanza kwenda polepole. Ujanani mama alifanya kazi kiwandani, akipanga herufi za risasi za kuchapia vitabu. Herufi zile husomwa kichwa chini, na jiwe linapojiona majini huonekana vivyo hivyo. Mama akasoma kwa sauti jina zima la yule mwanamke.

Lahaula! Macho Manne aliushughulikia uso wa jiwe peke yake. Kivuli chake majini nacho kilitaka pembe zake nne na jina lake lililopinduliwa, na yeye hakukikumbuka hata kidogo.

"Hili kaburi ni la mtu mwingine," mama alisema. Hakukasirika. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na huko kung'aa ndiko kulikomtisha Macho Manne. "Mngekuwa na kaburi lake mngenionyesha. Basi hamna. Mwanangu yu hai!"

"Mama, hapana!" Kaka mtu alipiga magoti. "Mto ulimchukua. Nilimshika mkono, mama, ukaniponyoka. Nilimwona akizama. Wallahi nilimwona!"

Ulikuwa ukweli mtupu, na ulimtoka kwa kwikwi. Mama akampapasa kichwa kama anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya.

"Nyamaza, baba. Sasa hivi tu umesema ulimzika kwa mikono yako."

Mama alikuwa ameshasimama, mwepesi kama msichana, akaingia chumba cha ndani.

"Wewe fundi," aliita, "njoo unishikie upande huu. Godoro lake limejaa vumbi, na atafika amechoka."

Macho Manne akamtazama kaka mtu, aliyekuwa bado amepiga magoti. Kisha, Mungu amsamehe, akaenda kulishika.