Q na X

Maji ya bahari yalishaanza kujaa ufukweni Msimbati, na kikosi cha Hamisa hakijarudi kambini. Skauti hao walikuwa wameacha neno moja tu la fumbo, limeandikwa kwa mkaa kwenye kipande cha ubao: TEKSEKP.

Mwalimu Sabina, kiongozi wao, alichuchumaa akaandika alfabeti mchangani. Fumbo lenyewe aliwafundisha yeye. Herufi ya kwanza hubadilishana na ya mwisho, A na Z. Ya pili hubadilishana na inayotangulia ya mwisho, B na Y. Hivyo hivyo mpaka katikati. Akalifumbua, akapata GVPHVPK. Akarudia huku jasho likimtoka. Yaleyale.

"Watoto hawa wameandika upuuzi gani?" alifoka.

Macho yake yakanasa kwenye Q. Ndipo alipokumbuka Hamisa akimuuliza darasani, Q na X za nini wakati Kiswahili hakina, naye mwalimu akazifuta ubaoni bila hata kugeuka.

Sasa alizifuta kwa kiganja, akapanga jozi upya. T ikawa F, E ikawa U, K ikawa N. Neno likasomeka: FUNGUNI.

Fungu la mchanga lilikuwa ng'ambo ya mkondo, na mkondo ulishajaa. Sabina alikimbia pwani akimwita Asadi mvuvi asukume mtumbwi.

Waliwakuta watoto wameshikana mikono, maji yamewafika kiunoni. Hamisa alipanda wa mwisho.

"Niliwaambia wenzangu utasoma upesi, mwalimu," alisema. "Si wewe uliyezifuta?"