Milimita Nane za Nembo ya Jicho

Jalada lilirudi mara ya pili, na safari hii lilirudi likiwa na duara jekundu kuzunguka nembo na maneno matatu kwa kalamu: "Imerudi ndani. Kwanini?"

Rula aliyasoma maneno yale akiwa amesimama, kisha akayasoma tena akiwa ameketi, kana kwamba kiti kingeyabadilisha. Jina lake halisi si Rula, lakini karakana nzima ya uchapaji ilimwita hivyo kwa sababu ya rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni kama wengine watembeavyo na kitana.

Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Kliniki ya macho ilikuwa imebadilisha nembo. Ile ya zamani, miwani mipana kama kitanda cha watu wawili, ilistaafishwa. Mahali pake lilikuja jicho moja lenye kope tatu juu, mboni ya duara katikati, na jina la kliniki chini. Aliyetakiwa kuitoa ya zamani na kuiweka mpya kwenye jalada la kijitabu cha wagonjwa ni Rula.

Ila kwa Rula kazi ndogo ile ilikuwa mlima. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaishia na kijitabu hicho. Mwenye karakana alikuwa mama yake mdogo, na mama mdogo alikwisha kumwambia tangu siku ya kwanza, "Undugu wetu unaishia hapo mlangoni. Ukivuka kizingiti wewe ni mfanyakazi." Jalada likirudi mara ya tatu, kaka yake alikuwa anamngoja kwenye meza yake ya kuuzia makava ya simu. Kaka alikwisha hata kumnunulia kigoda.

Mara ya kwanza lilirudi kwa haki. Rula alimsikiliza Fundi Roli, mzee wa mashine, aliyemwambia, "Weka kwa jicho, binti. Si nembo ya jicho hiyo?" Akaiweka kwa jicho, pale pale ilipokuwa miwani, akasahau kwamba jicho na kope zake lilikuwa refu kuliko miwani. Herufi za chini za nembo zikakaribia kichwa cha habari kama abiria wawili kwenye siti moja.

Aliyelirudisha ni mama wa pale kliniki aliyekuwa mlinzi wa nembo, mama mmoja mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Karakana walimbandika jina la Bi Pumzi, kwa sababu kila barua yake ilikuwa na sentensi ileile: nembo inahitaji kupumua. Na pumzi hiyo ilikuwa na kipimo. Mwongozo alioutuma ulisema: chukua upana wa mboni, uache nafasi tupu ya kiasi hicho pande zote nne za nembo. Pasiingie herufi, wala picha, wala ukingo wa karatasi. Tena ukingo wa kushoto wa nembo ukae kwenye mstari mmoja na ukingo wa kushoto wa maandishi. Nembo ya jalada ina upana wa milimita sitini, mboni milimita nane. Isikuzwe, isipunguzwe.

Kwa hiyo mara ya pili Rula hakuweka kwa jicho la mtu yeyote. Aliwasha gridi ya viboksi vya milimita nne, akavuta mstari wa mwongozo kutoka pembeni mwa skrini hadi milimita ishirini kutoka ukingo wa karatasi, pale maandishi yote yanapoanzia. Ni mistari inayoonekana kwenye kompyuta tu, haichapwi. Akaiamuru programu iibane nembo kwenye mstari ule. Akavuta mstari mwingine milimita nane chini ya nembo na kukiweka kichwa cha habari hapo. Namba zote zikakaa kama askari wa gwaride.

Na bado: imerudi ndani. Kwanini?

Alitoa rula mfukoni, akapima jalada lililochapwa. Maandishi yalianza kwenye ishirini. Nembo ilianza kwenye ishirini na nane. Akapima chini ya nembo: badala ya nane, kumi na sita.

"Hee!" alisema kwa sauti.

"Nini tena?" aliuliza Fundi Roli bila kugeuka.

"Mzee, mashine yako inasukuma vitu."

Sasa aligeuka. Kumwambia Fundi Roli mashine yake ina kasoro ni sawa na kumwambia mtu mtoto wake ana masikio makubwa.

"Inasukuma? Inasukuma nembo peke yake, inaacha maandishi? Ina chuki na macho?"

"Sijasema ina chuki."

"Umesema inasukuma. Nipe gridi yako hiyo, mimi niichape tupu. Tusitukanane bure kama kuna karatasi."

Rula aliona ni rai nzuri kuliko zote mzee alizowahi kumpa. Akampelekea ukurasa wa gridi mtupu, mistari yake ikiwa imegeuzwa kuwa michoro ili ichapike. Karatasi ikatoka ikiwa na joto. Waliilaza mezani, vichwa viwili juu ya rula moja. Viboksi ishirini na tano kwenda kulia: milimita mia moja kamili. Ishirini na tano kwenda chini: mia moja kamili.

"Haya," alisema Fundi Roli, akikunja mikono. "Mwombe radhi."

"Samahani, Mzee."

"Siyo mimi. Mashine."

Rula akaigusa mashine begani, kama ina bega, akarudi kwenye kiti chake akicheka. Lakini cheko lilimwishia njiani. Kama mashine ni safi, basi uongo uko kwenye faili, na faili limepita mikononi mwake. Hofu ilimjia, ndiyo, kigoda cha kaka kikampitia machoni. Ila chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha kama upupu: alitaka kujua. Namba haziwezi kusema ishirini wakati karatasi inasema ishirini na nane. Mmoja wao anapima kitu kingine.

Anapima kitu gani?

Aliibofya nembo na kusoma kisanduku cha vipimo ambacho siku zote hukipita kama tangazo la ukutani. Upana: sabini na sita.

Akapima nembo kwenye karatasi. Sitini.

"Sabini na sita toa sitini," alinong'ona.

"Kumi na sita," Fundi Roli alidakia kutoka kule. "Hata mimi hiyo naijua."

Kumi na sita. Nane mara mbili. Mboni kushoto, mboni kulia. Programu ilikuwa inaliona jicho hili likiwa pana kuliko binadamu walivyoliona. Kulikuwa na kitu pale, kinachochukua nafasi, kisicho na rangi.

Alibadili namna ya kutazama: akaifanya programu izime rangi zote, ionyeshe mifupa tu, kila umbo likiwa mstari mwembamba mweusi. Kope zikawa nyuzi, mboni ikawa pete. Na kuzunguka vyote, kikiwa kimetulia kama mgeni aliyekaa sebuleni tangu asubuhi bila kusalimia, kulikuwa na kisanduku. Hakina rangi ndani, hakina mstari wa nje. Kimeiachia nembo nafasi ya milimita nane kila upande.

"Mzee! Njoo umwone jini!"

Fundi Roli alikuja mbiombio, akainama, akakunja uso. "Hicho kisanduku nani kakiweka?"

"Kimekuja na faili. Mtu kachora nafasi tupu, kaifunga pamoja na nembo. Mimi nikisema bana kushoto, programu inabana kisanduku, siyo jicho. Halafu juu ya pumzi yake nami nikaongeza yangu. Ndiyo maana chini ni kumi na sita."

"Kumbe mmepumua wawili."

Mama mdogo alikuwa amesikia, akatoka ofisini kwake na miwani juu ya kichwa. Alitazama skrini kwa muda, kisha akamtazama mpwa wake.

"Faili hili lilitoka wapi?"

"Kwa Bi Pumzi."

"Na anakuja leo saa nane mchana."

"Ndiyo."

"Basi rekebisha, unyamaze. Jalada likikaa sawa atafurahi. Mteja hapigiwi mstari mwekundu na mchapaji."

Rula alirekebisha. Hakukifuta kisanduku, roho ilimkataza, maana kilikuwa kimepimwa kwa usahihi kuliko alivyowahi kuona. Alikitenganisha na nembo na kukigeuza kiwe mwongozo, kama ile mistari mingine: kionekane, kilinde, kisichapwe wala kuhesabiwa. Kisha akaiamuru programu ibane tena. Jicho likaruka viboksi viwili kwenda kushoto, likatua kwenye ishirini. Kope zake na herufi za maandishi zikawa na ukuta mmoja. Kichwa cha habari akakipandisha hadi kikagusa ukingo wa chini wa mwongozo bila kuuvuka. Akachapa, akapima. Ishirini. Nane.

Saa nane Bi Pumzi aliingia, akaketi, akaomba rula. Rula akampa yake. Mama yule alipima: kushoto, juu, chini, kulia. Akaiweka rula chini taratibu.

"Sasa iko sawa. Swali langu mlilijibu wapi? Niliandika: kwanini?"

Mama mdogo alifungua kinywa. "Ni kosa dogo tu la kwetu, tulilirek—"

"Si kosa letu, Mama," alisema Rula, akimkatiza mama mdogo. Alijua kigoda kinamngoja. Alijua pia kwamba faili lile lingekwenda kwa wachapaji wengine, na jicho lingerudi ndani kila mahali. Akamgeukia Bi Pumzi. "Samahani, shikamoo tena. Naomba nikuonyeshe."

Alifungua faili la mwanzo, akazima rangi. Kisanduku kikajitokeza.

Bi Pumzi alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Hata Fundi Roli akaacha kujifanya anafuta mashine.

"Nilikichora mimi," alisema mwishowe. "Kwa mkono wangu. Wachapaji walikuwa wanaisonga nembo kila siku, nikasema nitaificha nafasi ndani yake, hata asiyesoma mwongozo ashindwe kuikaribia." Akageuka. "Ikashindwa kukaribia hata mstari wake yenyewe?"

"Kwa asiyesoma mwongozo kinasaidia, Mama. Kwa aliyeusoma, kinamdanganya."

Mama yule aliangua kicheko kilichoanzia mbali. "Mara mbili nimekurudishia! Ile ya kwanza ilikuwa yako lakini."

"Ile ya kwanza ilikuwa yangu."

"Ya kwangu kidogo," Fundi Roli alikohoa.

"Hiki ulichokifanya, cha kukigeuza kiwe mwongozo, naweza kukipata? Nina mabango, kadi, vibandiko vya magari ya kliniki. Vyote vimekwenda na jini hili."

"Nitakutumia faili leo."

"Na mabango mtayapanga nyie." Alisema hivyo akimtazama mama mdogo, lakini kidole chake kilikuwa kimemwelekea Rula.

Mgeni alipoondoka, mama mdogo alibaki amesimama nyuma ya kiti cha mpwa wake. Rula hakuthubutu kugeuka. Alisikia pumzi, akasikia kiti kikitikiswa.

"Hiki gurudumu lake bovu."

"Ndiyo, tangu nije."

"Kesho wahi mapema ukachague kingine stoo. Usije ukaniumia mgongo, mabango ni mengi." Akaenda hadi mlangoni mwa ofisi yake, akasimama. "Na ukiniambia 'si kosa letu' mbele ya mteja siku nyingine, hakikisha una rula mkononi kama leo."

Fundi Roli alingoja mlango ufungwe. "Mpigie kaka yako. Mwambie kigoda akalie mwenyewe."

Lakini Rula alikuwa amekwisha kumsahau kaka. Alikuwa amefungua nembo nyingine ya mteja mwingine kabisa, akazima rangi, na kuinamia skrini kuona kama nayo ina mtu sebuleni.